Kasi Inapogota Kwenye 94: Kuitambua Kebo Inayobana Mtandao na Kuchagua Itakayochukua Nafasi Yake

Unalipia kifurushi cha fiba cha megabiti 200 kwa sekunde. Kompyuta umeichomeka kwa kebo, si kwa Wi-Fi, lakini kila ukipima kasi unapata 94. Asubuhi 94, usiku wa manane 94. Kabla hujampigia simu mtoa huduma, itazame vizuri namba hiyo. Mtandao uliozidiwa na watumiaji hupanda na kushuka, mara 160, mara 70. Namba isiyotikisika karibu na 94 inaeleza jambo jingine kabisa: mahali fulani kati ya kifaa cha fiba na kompyuta yako, vifaa viwili vimekubaliana kuzungumza kwa megabiti 100, na hapo hakuna kifurushi kitakachopita.

Zile sita zinazopungua hazijaibiwa. Kila pakiti kamili inayopita kwenye waya huchukua nafasi ya baiti 1538, ukihesabu anwani, alama za ukaguzi na pengo linaloachwa kabla ya pakiti inayofuata. Data yako halisi ndani yake huwa baiti 1460 au pungufu kidogo. Gawanya, utapata asilimia 94 na kitu. Kwa hesabu hiyo hiyo, muunganisho wa gigabiti moja ukiwa mzima huonyesha karibu 940.

Kwa nini ishuke hadi 100 na si 600 au 350? Jibu liko ndani ya kebo. Kebo ya kawaida ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu: moja imeshika pini ya 1 na ya 2 kwenye plagi, nyingine pini ya 3 na ya 6. Gigabiti, iliyopata kanuni zake mwaka 1999, inazidai jozi zote nne kwa wakati mmoja. Ukikatika waya mmoja tu wa pini ya 4, 5, 7 au 8, gigabiti haiwezekani, lakini megabiti 100 inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mazungumzo ya awali, pale vifaa viwili vinapoulizana uwezo wao, hufanyika kwenye zile jozi mbili za kwanza peke yake. Vifaa vinakubaliana kwenda gigabiti, vinajaribu, jozi nyingine hazijibu, kisha vingi vya siku hizi vinashuka vyenyewe hadi 100 bila kukuambia. Vichache visivyojua kushuka hukaa vikijaribu tena na tena, taa inawaka na kuzima, na mtandao haupatikani kabisa. Ndiyo maana kebo ile ile inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine.

Kumsaka mhalifu, kipande kwa kipande

Nitatumia nyumba moja ya Tegeta, Dar es Salaam, kwa sababu ndani yake kulikuwa na makosa mawili yaliyofichana. Ni nyumba ya chini, ukuta wa tofali, siling bodi, juu yake mabati. Kifaa cha fiba kiko sebuleni, chumba cha kazi kiko mbali nacho. Wakati wa ujenzi fundi umeme alipitisha kebo kutoka sebuleni hadi chumba cha kazi na chumba cha jirani. Mwenye nyumba alipopandisha kifurushi hadi megabiti 200, Wi-Fi ya sebuleni ilitoa zaidi ya 180, lakini kompyuta ya chumba cha kazi ikagota kwenye 94. Alikuwa ameshaambiwa kwamba kebo imezeeka, siling ifunguliwe, ivutwe kebo ya daraja la juu kabisa, Cat8, nyumba nzima.

Hatua ya kwanza si kupima kasi ya intaneti. Ni kuiuliza kompyuta yenyewe imeunganishwa kwa kasi gani, kwa sababu jibu hilo halihusiani na mtoa huduma hata kidogo. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

```
Get-NetAdapter | Format-Table Name, LinkSpeed
```

Kwenye Linux, ukibadilisha jina la mlango kulingana na mashine yako:

```
ethtool enp3s0 | grep Speed
```

Kompyuta ya chumba cha kazi ilijibu `100 Mbps`. Basi tumeshajua ni kebo, au ni mlango. Mlango nao usiusahau: ruta nyingi za bei nafuu zina milango ya megabiti 100 tu, na televisheni nyingi, hata kubwa za kisasa, zina mlango wa 100. Vifaa hivyo havitapanda hata uviwekee kebo ya dhahabu. Jibu rahisi ni kuibeba laptopu yenye mlango wa gigabiti hadi sebuleni na kuichomeka kwenye kifaa cha fiba kwa kebo fupi unayoiamini. Pale Tegeta ilisoma `1 Gbps`. Kifaa cha fiba kikawa kimeachwa huru.

Ikabaki njia yenyewe, na njia ya nyumbani huwa na vipande vitatu: kebo fupi kutoka kwenye kifaa cha fiba hadi soketi ya ukutani, kebo ndefu iliyo ndani ya ukuta na siling, kisha kebo fupi nyingine kutoka soketi ya pili hadi kompyuta. Watu hulaumu ile ndefu kwa sababu haionekani. Mimi huanza na zile fupi, maana ndizo zinazokanyagwa na viti, kuvutwa na watoto na kukunjwa nyuma ya kabati, na kuzibadilisha ni kazi ya dakika moja.

Kabla ya kuibadilisha, itazame plagi yake kwenye mwanga. Plagi za plastiki angavu zinaonyesha kila kitu: unapaswa kuhesabu nyaya nane za rangi, kila moja imefika hadi mwisho chini ya jino lake la shaba. Kebo fupi ya kompyuta pale Tegeta ilikuwa na nyaya nne tu. Kebo za namna hii zilitolewa kwa wingi pamoja na modemu za ADSL, yaani intaneti ya kupitia laini ya simu, enzi ambazo kasi ya nyumbani ilikuwa chini sana ya megabiti 100, kwa hiyo jozi mbili zilitosha. Bado ziko kwenye droo za nyumba nyingi, na kwa nje hazitofautiani na kebo nzima.

Tuliiweka kando, tukachomeka nyingine nzima. Namba ikabaki pale pale, 100. Hapa wengi ndipo wanapokata tamaa na kuamini kwamba waliyoanza nayo haikuwa na kosa. Lakini makosa mawili yakiwa kwenye njia moja, kuondoa moja hakubadilishi chochote hadi la pili liondoke. Kebo nzima ibaki pale pale, usaili uendelee kwenye kipande kinachofuata.

Tulipofungua soketi ya chumba cha kazi, jibu likajitokeza. Kebo ilikuwa na jozi zake zote nne, lakini ni jozi ya machungwa na ya kijani tu zilizofungwa kwenye soketi. Jozi ya bluu na ya kahawia zilikuwa zimeungwa kwa kipande kingine cha kebo kwenda chumba cha jirani. Fundi aligawa kebo moja ihudumie vyumba viwili. Kwa miaka ile ilikuwa kazi halali na yenye akili, kila chumba kilipata megabiti 100 zake. Leo ndiyo kizuizi chenyewe.

Dawa yake haikuhitaji kuvunja kitu. Jozi zote nne zilirudishwa kwenye soketi moja, huku na sebuleni, kisha swichi ndogo ya gigabiti, kifaa kinachogawa kebo moja ya mtandao kwa vifaa kadhaa, ikawekwa chumba cha kazi. Chumba cha jirani kilivutiwa kebo yake fupi kutoka kwenye swichi hiyo. Kompyuta ikasoma `1 Gbps`, na kipimo cha intaneti kikapanda hadi kifurushi kilipokomea. Kebo ndani ya siling ni ile ile ya zamani, Cat5e.

Ni ipi hasa kebo ya zamani

Umri peke yake si hukumu. Soma ganda. Karibu kila kebo ina maandishi yaliyochapwa kila baada ya mita moja hivi, na humo utakuta kategoria, yaani daraja lake. Ikiwa imeandikwa `CAT5E`, ina uwezo wa gigabiti hadi mita 100 tangu siku ilipotengenezwa, na kanuni za mwaka 2016 zinairuhusu kubeba hata gigabiti 2.5 kwa urefu huo huo. Ikiwa imeandikwa `CAT5` bila herufi ya E, ni kizazi kilichotangulia. Waya wake karibu ni ule ule, ila haukupimwa kwa ukali wa kutosha kuhusu mawimbi yanavyovuja kutoka jozi moja kwenda nyingine. Kwa mita 20 za nyumbani mara nyingi itabeba gigabiti vizuri. Ikibeba, iache. Ikiwa imeandikwa `CAT3`, au haina maandishi yoyote na ina jozi mbili tu, hiyo ni ya simu, na ndiyo ya kuondoa.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwenye ganda wala kwenye testa ya taa nane, nalo limeenea sana huku kwetu: rangi kupangwa ovyo. Mafundi wengi wameambiwa kwamba mpangilio wowote unafaa mradi pande zote mbili zifanane. Umeme utapita, ndiyo, na taa zote nane zitawaka kwa mfuatano. Lakini pini ya 3 na ya 6 lazima zishikwe na nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa sababu msokoto ndio unaofuta kelele. Ukipanga jozi moja moja kwa mfuatano, yaani machungwa, kijani, bluu, kahawia, pini ya 3 inakuwa kwenye jozi moja na ya 6 kwenye nyingine. Msokoto unakuwa haufuti tena kitu. Kebo fupi itajikongoja, kebo ya mita 25 itashuka kasi au itajaa makosa. Mpangilio unaotumika zaidi ni T568B, na ukianzia pini ya 1 ni huu: mweupe-machungwa, machungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Angalia jinsi kijani inavyoiruka bluu. Kuruka huko ndiko kunakoilinda jozi.

Ukivuta mpya, vuta ipi

Mwenye nyumba wa Tegeta baadaye alitaka njia ya pili, chumba cha mwisho kabisa, kwa ajili ya kifaa cha kusambaza Wi-Fi upande wa nyuma. Hapo ndipo swali la kategoria linapokuwa la kweli, kwa sababu ukishafunga siling hutaki kuifungua tena.

Jibu langu kwa nyumba ya kawaida ni Cat6 ya shaba tupu, isiyo na ngao. Cat5e ingetosha leo, lakini gharama kubwa ya kazi hii ni fundi, paipu na usumbufu, na tofauti ya bei kati ya kebo hizi mbili kwa mita 30 ni ndogo. Cat6 inabeba gigabiti 5 hadi mita 100, na gigabiti 10 hadi mita 55. Pale ambapo kebo nyingi zimefungwa pamoja kwenye furushi moja, kelele zinavuka kutoka kebo hadi kebo na kikomo cha gigabiti 10 kinashuka hadi mita 37 hivi. Cat6A inaondoa wasiwasi huo na kufika mita 100 kamili, lakini ni nene, ngumu kukunja, na ndani ya paipu ya umeme ya kawaida inasumbua. Ninaipendekeza kwa jengo la ofisi au hoteli, si kwa chumba cha kulala.

Cat7 na Cat8 ziache. Cat7 haikuwahi kutambuliwa na TIA, chombo cha Marekani kinachotunga kanuni za kebo hizi, na plagi zilizokusudiwa kwa ajili yake si RJ45, ile plagi ya kawaida ya mtandao unayoijua. Kinachouzwa kwa jina hilo, hasa zile kebo bapa kama utepe, mara nyingi kina nyaya nyembamba kuliko Cat5e nzuri. Cat8 ni ya kweli, ila ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva, na safari yake yote haizidi mita 30. Zote mbili zina ngao ya chuma, na ngao hiyo ina faida pale tu soketi, plagi na vifaa vyote vinapoiendeleza bila kukatika na kuifikisha kwenye ardhi. Nyumba chache zimewekwa hivyo.

Kinachopaswa kukutia hofu dukani si kategoria, ni chuma kilicho ndani. Kuna kebo nyingi zilizoandikwa Cat6 ambazo waya wake ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Kanuni za kategoria zinataka shaba, kwa hiyo kebo hiyo si Cat6 hata ikiandikwa mara elfu. Alumini ina upinzani mkubwa zaidi wa umeme na hukatika ukiikunja mara chache. Ikipelekewa umeme wa kuendesha kamera au kifaa cha Wi-Fi kupitia kebo hiyo hiyo, hupata moto kuliko inavyopaswa. Kwangua waya kwa kisu: shaba tupu ni nyekundu hadi ndani, ya kupakwa inang'aa nyeupe. Kwenye boksi angalia herufi `CCA`, ndiyo alama yake.

Multimita nayo inasema kweli. Chukua jozi moja, unganisha nyaya zake mbili upande wa mbali, kisha pima upinzani upande huu. Cat6 yenye waya wa unene wa `23AWG`, kwa mita 30, italeta karibu omu 4. Ukisoma 6 na zaidi kwa urefu huo huo, umeuziwa alumini, au kuna muungo mbovu njiani.

Urefu: pima njia, si umbali

Kanuni inaruhusu mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Kati ya hizo, 90 ni za kebo ngumu iliyolala ukutani na 10 ni za kebo laini za pande mbili. Mgawanyo huo una sababu: kebo laini ina nyuzi nyingi nyembamba badala ya waya mmoja mzima, inavumilia kukunjwa, lakini inapoteza mawimbi zaidi kwa kila mita. Usivute kebo laini ndani ya siling kwa kuwa tu imekuja na plagi zake tayari.

Sasa hesabu ya chumba cha mwisho. Kutoka soketi ya sebuleni kupanda hadi siling, mita 1.7. Kukatiza sebule, 5.8. Kufuata korido, 11.4. Kuingia chumbani hadi ukuta wa dirisha, 3.6. Kushuka hadi soketi mpya, 2.5. Jumla mita 25. Kumbuka tumefuata kuta kwa pembe mraba, hatukukata mshazari juu ya mbao za siling, kwa sababu kebo lazima ikae mbali na nyaya za umeme, walau sentimita 20 zikienda sambamba, na zikikutana zikatane kwa msalaba. Kuzunguka taa na mbao tuliongeza mita 2. Kila upande tuliacha sentimita 30 ndani ya kisanduku cha soketi na duara la mita 1 juu ya siling, ili siku plagi au soketi ikiharibika kuwe na waya wa kukata na kuunga upya. Tukakata mita 30. Kebo laini ya mita 1 sebuleni na ya mita 3 chumbani zinafanya safari nzima kuwa mita 34, chini hata ya kile kikomo cha mita 37 cha gigabiti 10.

Kukata mita 30 hakuhitaji futikamba. Ganda lina namba za urefu: ukianza kwenye 0147 unakata kwenye 0177. Hakikisha tu kama zimeandikwa `M` au `FT`, maana futi 30 ni mita 9 tu. Namba hizo hizo zinakuwezesha kujua urefu wa kebo ya zamani iliyofichwa ukutani: soma upande mmoja, soma upande wa pili, toa.

Chini ya mabati mchana kuna joto kali, na shaba ikipata joto hupoteza mawimbi zaidi, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja kati ya 20 na 40, na zaidi ya hapo juu yake. Kwa mita 30 haikusumbui. Kwa mita 85 ingekusumbua. Panya ndio tatizo kubwa zaidi huko juu, ndiyo maana kebo ilipita ndani ya paipu ya plastiki mwanzo hadi mwisho, na ndani ya paipu hiyo ikaachwa kamba ya kuvutia kebo nyingine.

Kwenye soketi, usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla waya haujaingia kwenye jino lake, na usikunje kebo kwa kona kali kuliko mara nne ya unene wake. Kisha, kabla paipu haijafungwa na siling haijarudishwa, chomeka laptopu, soma kasi ya muunganisho, halafu hamisha faili kubwa kati ya kompyuta mbili kwa dakika kadhaa na uangalie makosa:

```
ethtool -S enp3s0 | grep -i crc
```

Namba ikibaki sifuri, au pale ilipokuwa kabla ya kuhamisha, funga siling. Ikipanda huku faili likipita, kata plagi au fungua soketi ya upande mmoja, panga rangi upya, ujaribu tena, kisha upande wa pili. Makosa ya namna hii karibu kila mara yako kwenye sentimita chache za mwisho.